Mizania imelingana lakini uwiano haukubali: namna ya kusaka kilichowekwa kundi lisilo lake

Mizania kulingana pande mbili si ushahidi kwamba kila kitu kimekaa mahali pake. Ni ushahidi wa jambo dogo zaidi: kwamba ulichokiweka upande wa mali kina thamani sawa na ulichokiweka upande wa madeni na mtaji. Ukilichukua deni la kulipwa mwezi ujao ukaliweka kwenye madeni ya miaka mitano, jumla hazitikisiki hata kidogo. Kinachotikisika ni uwiano wa kifedha. Huko ndiko wanafunzi wengi wanakopoteza alama, na wenye maduka wanakojidanganya kwamba fedha zipo.

Mwongozo huu ni wa kukagua jibu lako mwenyewe pale linapotofautiana na jibu la mwalimu, la kitabu au la mhasibu. Nitatumia hesabu za duka moja la jumla la kubuni, Chake Chake, linaloleta mchele, sukari na unga kupitia bandari ya Mkoani na kuwakopesha wakulima hadi wauze karafuu zao kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Tarakimu zote ni milioni za shilingi, na hii ndiyo mizania iliyo sahihi.

| Mizania tarehe 31 Disemba 2024 | Milioni |
|---|---|
| Ghala | 60 |
| Gari | 18 |
| Samani | 2 |
| Mali za kudumu | 80 |
| Bidhaa zilizobaki | 23 |
| Wadaiwa | 11 |
| Kodi ya fremu iliyotangulizwa | 2 |
| Fedha benki ya pili | 4 |
| Mali za muda mfupi | 40 |
| Jumla ya mali | 120 |
| Wadai | 8 |
| Mishahara ya Disemba haijalipwa | 1 |
| Ovadrafti benki ya kwanza | 5 |
| Mkopo, sehemu ya kulipwa 2025 | 6 |
| Madeni ya muda mfupi | 20 |
| Mkopo, sehemu iliyobaki | 18 |
| Mtaji | 82 |
| Jumla ya madeni na mtaji | 120 |

Kutokana na hiyo, uwiano wa ukwasi wa jumla, yaani mali za muda mfupi kugawa kwa madeni ya muda mfupi, ni 40 ÷ 20 = 2.0. Uwiano wa ukwasi wa haraka unaondoa bidhaa zilizobaki na gharama zilizotangulizwa, kwa sababu kodi uliyokwisha kumlipa mwenye nyumba haiwezi kumlipa mdai wako. Kwa hiyo ni 15 ÷ 20 = 0.75. Mtaji wa kuendeshea biashara ni 40 − 20 = 20. Madeni yote ukiyagawa kwa mali zote unapata 38 ÷ 120, karibu 0.32. Ziweke namba hizi nne karibu, maana kila kosa lina namna yake ya kuzigusa, na kwa namna hiyo ndivyo linavyojulikana.

Dalili ya kwanza: pande mbili hazilingani

Hili ndilo kosa jepesi kulipata, ingawa ndilo linalowatia watu wasiwasi zaidi. Mwanafunzi amemaliza, mali zinatoka 125, madeni na mtaji 115. Tofauti ni 10.

Usianze kupiga hesabu upya kutoka juu. Igawe tofauti kwa mbili kwanza, upate 5, kisha utafute kitu chenye 5 kwenye urari, yaani ile orodha ya masalio ya akaunti uliyoanzia. Sababu ni kwamba kitu kilichoruka upande huzaa tofauti mara mbili ya thamani yake: kimeongeza upande kisichostahili, na kimekosekana upande kilipotakiwa. Hapa 5 ni ovadrafti. Mwelekeo nao unathibitisha, kwa sababu upande wa mali ndio uliozidi, kwa hiyo aliyepotea njia ni deni lililoingia kwenye mali. Ungekuwa upande wa madeni umezidi, ungetafuta mali iliyowekwa kwenye madeni.

Chanzo chake karibu kila mara ni jina. Urari unaandika "Benki" na mwanafunzi keshazoea kwamba benki ni mali, kwa hiyo haangalii salio limekaa debiti au krediti. Benki yenye salio la krediti ni ovadrafti: benki ndiyo inayokudai wewe. Jambo hilo hilo huwapata "kodi" na "mishahara". Kodi iliyotangulizwa ni mali. Je, mwenye nyumba anakudai? La, ni kinyume chake: wewe ndiye unayemdai miezi ambayo hujakaa bado. Mishahara ambayo haijalipwa ni deni, kwa sababu wafanyakazi wameshafanya kazi. Ukiuliza swali la nani anamdai nani, jina la akaunti halikudanganyi tena.

Kama tofauti yenyewe, bila kugawa, ndiyo inayolingana na kitu kwenye urari, basi kitu hicho hakikuruka upande, kimesahauliwa kabisa au kimeandikwa mara mbili.

Na kama nusu ya tofauti hailingani na chochote, huenda makosa ni mawili na yanafichana. Chukua yule yule aliyeweka ovadrafti ya 5 kwenye mali, halafu akaweka pia kodi iliyotangulizwa ya 2 kwenye madeni. Mali zinakuwa 123, upande wa pili 117. Tofauti ni 6, nusu yake 3, na hakuna kitu cha 3 kwenye orodha nzima. Hapo mbinu ya nusu imekwisha kazi. Pitia mistari ya muda mfupi mmoja mmoja ukiuliza swali lile la nani anamdai nani. Mistari hiyo haizidi minane au kumi, na makosa ya namna hii hayapatikani kwenye ghala au gari.

Dalili ya pili: mizania imelingana, ukwasi umekuwa mzuri mno

Hii ndiyo ninayotaka tuikalie kitako, kwa sababu haina kengele ya kukuamsha. Mwanafunzi wetu ameirudisha ovadrafti mahali pake. Mali ni 120, madeni na mtaji ni 120. Anafunga daftari. Lakini mkopo wote wa 24 ameuacha kwenye madeni ya muda mrefu, kwa kuwa urari umeandika "Mkopo wa benki, miaka 4" kwenye mstari mmoja.

Madeni yake ya muda mfupi ni 8 + 1 + 5 = 14. Uwiano wa ukwasi wa jumla unatoka 40 ÷ 14 = 2.86 badala ya 2.0. Ule wa haraka unatoka 15 ÷ 14 = 1.07 badala ya 0.75. Tazama maana yake. Kwa jibu lake, duka linaweza kulipa madeni yote ya karibu bila kuuza hata gunia moja zaidi la mchele. Kwa jibu sahihi, lina senti 75 tu kwa kila shilingi inayodaiwa karibuni, na lisipouza halilipi. Mwenye duka akilisoma jibu la kwanza anaweza kuagiza shehena nyingine kwa fedha ambazo tayari zina mwenyewe.

Unalijuaje kosa hili bila kuoneshwa? Linganisha namba nne. Madeni yote kwa mali zote bado ni 0.32, sawa na jibu la mwalimu, kwa hiyo hakuna deni lililopotea wala lililoruka upande. Ukwasi wa aina zote mbili umekosea, na mtaji wa kuendeshea biashara ni 26 badala ya 20. Deni lipo, ila limekaa kundi lisilo lake. Hiyo 6 iliyozidi kwenye mtaji wa kuendeshea biashara ndiyo thamani yenyewe ya kilichohama, na hapa huigawi kwa mbili, kwa sababu kimetoka kundi moja la madeni kwenda jingine, hakikuruka upande. Mkopo wa 24 kwa miaka 4 ni 6 kwa mwaka. Umempata.

Kosa hili linagusa pia faida kwa mtaji uliotumika, kama swali linaihesabu kwa kuondoa madeni ya muda mfupi kwenye jumla ya mali. Faida kabla ya gharama za mkopo ikiwa 15, jibu sahihi ni 15 ÷ 100, yaani asilimia 15. Mwanafunzi wetu atagawa kwa 106 na kupata asilimia 14.2. Ukiona ukwasi wako uko juu ya jibu la mwalimu na faida kwa mtaji iko chini kidogo, shuku mkopo kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Kanuni yenyewe iko kwenye IAS 1, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, na Tanzania inafuata viwango hivi vya IFRS kupitia bodi ya wahasibu, NBAA, tangu 2004. Kuanzia mwaka 2027 nafasi ya IAS 1 inachukuliwa na IFRS 18, lakini mgawanyo wa muda mfupi na muda mrefu unabaki pale pale. Deni linalotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 kuanzia tarehe ya mizania ni la muda mfupi. Shikilia maneno "tarehe ya mizania". Wapo wanaohesabu tangu siku mkopo ulipochukuliwa, wakasema huu ni wa miaka 4 basi ni wa muda mrefu wote. Mkopo uliochukuliwa 2021 na unaokwisha Oktoba 2025 ni wa muda mfupi wote kwenye mizania ya 31 Disemba 2024, japo uliitwa wa muda mrefu tangu siku uliposainiwa.

Sasa, kiasi cha kuhamisha. Hapa kuna mtego mdogo unaoacha dalili ndogo. Tuseme rejesho la kila mwezi ni shilingi 620,000, na ndani yake mkopo wenyewe ni 500,000, zilizobaki 120,000 ni malipo ya benki. Mwanafunzi anazidisha 620,000 kwa 12 na kuhamisha 7.44. Ukwasi wake unatoka 40 ÷ 21.44 = 1.87. Ameshuka chini ya jibu badala ya kupanda juu yake, na tofauti ni ya sehemu ya kumi tu, kwa hiyo anadhani ni kukadiria desimali. Kinachohama ni 500,000 kwa 12, yaani 6. Malipo ya benki ya miezi ambayo haijafika bado si deni la leo.

Kwa Unguja na Pemba hili lina uzito wa ziada, kwa sababu wafanyabiashara wengi huchukua murabaha badala ya mkopo wa riba: benki inanunua bidhaa, inamuuzia mteja kwa bei yenye faida yake, naye analipa kwa awamu. Karatasi ya mkataba itaonesha bei nzima ya kuuziwa, kwa mfano wetu 29.76, na mwanafunzi huiingiza yote. Kwa utaratibu wa IFRS, faida ya benki ya miezi ambayo haijapita huondolewa, na deni linabaki 24. Omba ratiba ya malipo inayotenganisha safu mbili hizo. Bila ratiba, na hasa pale awamu zinapokuwa sawa lakini sehemu ya mkopo wenyewe ndani yake inabadilika kila mwezi, kugawa kwa idadi ya miaka ni makadirio tu, na uandike hivyo kwenye jibu.

Dalili ya tatu: mtaji wa kuendeshea biashara ni sahihi, ukwasi si sahihi

Hii huwachanganya hata wazoefu. Mali za muda mfupi zimetoka 36, madeni ya muda mfupi 16. Tofauti yake ni 20 ile ile, lakini uwiano wa jumla ni 36 ÷ 16 = 2.25, na wa haraka 11 ÷ 16, karibu 0.69. Mmoja umepanda kutoka 2.0, mwingine umeshuka kutoka 0.75.

Kupanda mmoja na kushuka mwingine ni alama ya kosa moja tu: vitu viwili vimekatwana. Mwandishi ameona benki ya kwanza ina ovadrafti ya 5, benki ya pili ina fedha 4, akaandika "Benki, ovadrafti 1". Ukipunguza kiasi kile kile juu na chini ya sehemu iliyozidi moja, sehemu hukua. Iliyo chini ya moja hupungua. Ndiyo maana wakaachana njia. Jumla ya mizania nayo imeshuka kutoka 120 hadi 116, na hapo ndipo pa kuthibitisha.

Kukatana huku hakuruhusiwi, isipokuwa pawe na haki ya kisheria ya kufanya hivyo na nia ya kulipana kwa tofauti. Benki ya pili haitailipa benki ya kwanza kwa niaba yako, kwa hiyo kila salio libaki upande wake. Kosa hili hutokea pia kwa mteja ambaye vilevile ni msambazaji wako: anakudai 3 za mafuta, unamdai 2 za unga, na mtu anaandika 1.

Dalili ya nne: ukwasi uko juu kidogo na siku za kukusanya madeni zimerefuka

Swali likiongeza kwamba ndani ya wadaiwa 11 mna mkopo wa 3 aliopewa dereva, unaokatwa kwenye mshahara wake 1 kila mwaka, basi 2 kati yake si mali ya muda mfupi. Mali za muda mfupi zinakuwa 38, ukwasi 1.9 na 0.65. Lakini dalili iliyo wazi zaidi iko kwenye siku za kukusanya madeni. Mauzo ya mkopo yakiwa 73, mwanafunzi anapata 11 ÷ 73 × 365 = siku 55. Ukiondoa mkopo wote wa dereva, maana dereva hakununua mchele, unapata 8 ÷ 73 × 365 = siku 40. Angalia kwamba viwango vya kuondoa ni tofauti: kwenye ukwasi unaondoa 2, kwenye siku za kukusanya unaondoa 3. Anayeondoa kiasi kimoja kotekote atapata jibu moja sahihi na moja kosa.

Amana benki ya miaka miwili inaingia mlango huo huo. Ni fedha, ndiyo, lakini imefungwa kupita miezi 12, kwa hiyo si ya muda mfupi hadi ibakize mwaka mmoja au chini yake.

Kwa upande wa bidhaa, kuna watu huihamisha bidhaa iliyokaa zaidi ya mwaka na kuiweka mali ya muda mrefu. Hapana. Bidhaa ya kuuzwa ni ya muda mfupi maadamu iko ndani ya mzunguko wa kawaida wa biashara, hata mzunguko huo ukizidi miezi 12. Fundi anayeunda jahazi la kuuza kwa miezi 15 anaacha jahazi lake kwenye mali za muda mfupi. Na gari, ambalo kwa duka letu ni mali ya kudumu, kwa muuza magari wa Unguja ni bidhaa. Kinachoamua ni kazi ya kitu kwenye biashara ile.

Pale ukwasi wa jumla unapokubali na wa haraka unapokataa

Kama 2.0 yako inalingana na ya mwalimu lakini wewe una 0.75 naye ana 0.85, usiiguse mizania yako. Makundi yamekaa vizuri. Yeye ameondoa bidhaa peke yake na kuiacha kodi iliyotangulizwa ndani, 17 ÷ 20. Vitabu vinatofautiana hapo, na mimi nashikilia kuiondoa, lakini kwenye mtihani fuata fomula uliyofundishwa na uiandike kabla ya kuweka namba, ili msahihishaji aone umetoka wapi. Andika pia mstari mmoja chini ya mkopo unaoonesha mgawanyo, "24 ÷ 4 = 6 kulipwa 2025". Mstari huo mmoja humwezesha kukupa alama za njia hata kama kujumlisha kumekuponyoka mbele ya safari.